Maombi 14 kwa mpitiaji mmoja

"Mbona foleni zetu zinahesabiwa kila Jumatatu kama daftari la mahudhurio?"

Aliyeuliza ni mhandisi wa malipo katika timu ya watu watano, watatu Kisumu na wawili Nakuru, wanaotunza mfumo wa ushirika wa maziwa: lita zinazopokelewa asubuhi, bei, makato, na malipo ya wafugaji kwa M-Pesa. Swali lake lina haki. Katika orodha ya Jumatatu ya maombi ya kupitia msimbo kwenye GitHub, yaani pull request, jina lake lilikuwa juu kabisa, na anayeongoza orodha ya kazi zinazosubiri huonekana mzembe hata kama ndiye anayelala wa mwisho. Ila nadhani amewaelewa vibaya wanaohesabu. Wanachotaka kujua ni mabadiliko ya msimbo yamekwama wapi. Nani mvivu ni swali jingine, na hesabu hii haiwezi kulijibu.

Hesabu yenyewe ni ya amri moja:

```
gh pr list --limit 200 --search "draft:false" \
  --json reviewRequests \
  --jq '.[].reviewRequests[] | .login // .slug' |
  sort | uniq -c | sort -rn
```

Rasimu zimeachwa nje kwa sababu hakuna anayezisubiri. Bila `--limit`, amri hiyo huleta maombi 30 tu, na timu yenye mengi zaidi hujidanganya bila kujua.

Jumatatu ile yalikuwepo maombi 22, kila moja likiwa na mpitiaji mmoja. Mhandisi wa malipo alikuwa na 14, mwenzake wa karibu 4, wawili 2 kila mmoja, na wa tano hakuwa na lolote. Kwa wastani mhandisi wa malipo hupitia maombi matatu kwa siku, juu ya kazi yake mwenyewe ya kuandika. Kwa hiyo ombi linaloingia mwishoni mwa foleni yake husubiri karibu siku tano za kazi, na lile linaloingia kwa mwenzake mwenye manne husubiri siku moja na kidogo. Mwongozo wa uhandisi ambao Google imeuchapisha hadharani unataka mpitiaji ajibu ndani ya siku moja ya kazi, isizidi. Hapa siku nne zinapotea, na mwandishi hasubiri akiwa amekunja mikono. Anaanza kazi nyingine juu ya tawi lile lile ambalo halijapitiwa, tawi kuu linasonga mbele, migongano inaongezeka, na ombi linapofikiwa Ijumaa limeshanenepa kuliko lilivyokuwa Jumatatu. Ombi nene hupitiwa polepole zaidi, kwa hiyo foleni ndefu inajirefusha.

Jibu la haraka ni kuyagawa upya maombi kati ya watu wote watano. Wanaopinga kugawa upya wana hoja, na hoja yao nzito ni kwamba ombi moja si sawa na jingine. Mistari 40 ya maandishi ya skrini na mistari 900 ya hesabu za makato zote huhesabiwa kuwa moja. Ukigawa 22 kwa watu watano ili kila mmoja apate manne au matano, utampa makato mtu asiyejua makato, naye atabonyeza kitufe cha kuidhinisha ili asionekane mjinga. Dalili zake hazifichiki: mabadiliko makubwa yanaidhinishwa kwa dakika chache bila swali hata moja, na mwandishi anamtafuta yule mjuzi kwenye WhatsApp "aangalie tu kidogo". Hapo umehamisha jina, mzigo umebaki palepale. Pia kuna adhabu ya mwepesi: anayesafisha foleni yake mapema huonekana hana kazi, basi anaongezewa.

Hoja hizo zinapinga kugawa kwa usawa wa namba. Hazipingi kuzifungua zile 14 na kuangalia kilichomo. Zilipofunguliwa, sita ziligusa folda ya malipo kweli. Tatu alikuwa ameshazipitia mara moja, waandishi wamerekebisha na kumwomba tena. Tano zilizobaki hazikuhusiana na malipo hata kidogo: ripoti, skrini ya kupokea maziwa, tafsiri za ujumbe. Zilimfikiaje? Kupitia faili la `CODEOWNERS`, linaloiambia GitHub imwombe nani apitie faili lipi, ambalo mstari wake wa juu uliandikwa enzi mfumo ulikuwa na mtu mmoja:

```
*  @jina-lake
```

Katika faili hilo, mstari wa mwisho unaolingana na faili ndio unaoshinda. Basi kila faili ambalo halikupata mstari wake baadaye lilimwangukia yeye. Hakuna aliyemchagua, na miaka yote hiyo alidhani wenzake wanamtegea.

Zile tano zinahamishwa. Zile tatu zinabaki kwake, kwa kuwa ameshabeba mjadala kichwani na kumpa mtu mwingine ni kuanza upya. Lakini `--remove-reviewer` na `--add-reviewer` za `gh pr edit` pekee hazitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, kama tawi kuu limewekewa sharti la idhini ya mwenye msimbo, mpitiaji mpya ataidhinisha na kitufe cha kuunganisha kitabaki kimefungwa, maana faili bado linamtaja yule yule. Faili lirekebishwe kwanza: `*` ipewe timu nzima, na jina lake lishuke kwenye mstari wa `/malipo/`.

Sababu ya pili ndiyo huwa nairudia kila ninapoulizwa. Kwake yalikuwa yakiingia maombi manne kwa siku na kutoka matatu. Hamisha matano leo, abaki na tisa, kisha usiguse kingine. Kila siku linabaki moja. Baada ya siku tano za kazi, Jumatatu inayofuata, ana 14 tena, na mkutano unarudia maneno yale yale huku mhandisi akiamini kwamba kugawa upya ni mchezo wa kumwaibisha. Ukibana mstari wa `*`, theluthi hivi ya yanayoingia hayaji tena kwake. Yanabaki mawili au matatu kwa siku dhidi ya matatu yanayotoka, na foleni inaanza kupungua bila mtu kuhamisha kitu.

Kwa maombi hayo ambayo sasa yanaangukia timu nzima, GitHub ina mgao wa timu wa kujiendesha, na watu hudhani njia zake mbili ni kitu kimoja. Ile ya zamu humchagua aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuombwa, haitazami amebeba mangapi. Ile ya kusawazisha mzigo hutazama yanayosubiri, na hulenga kila mmoja apitie idadi sawa ndani ya siku 30. Kwa timu hii ningechukua ya pili, nikijua kwamba nayo haipimi ukubwa wa ombi.

Hata hesabu ya Jumatatu isiaminiwe kupita kiasi. Mpitiaji akituma mapitio, hata ya maoni matupu bila kuidhinisha, GitHub humwondoa kwenye orodha ya wanaosubiriwa mpaka aombwe tena. Kwa hiyo yule wa tano mwenye sifuri huenda ana maombi matatu aliyoyaandikia "nitarudi" na hakurudi. Tafuta `reviewed-by:` pamoja na jina lake kabla ya kumwongezea au kumsifu.

Zinabaki zile sita za malipo. Kwa hizo wapinzani wako sahihi leo: mjuzi ni mmoja. Ningechukua mbili ndogo, mwenzake mwenye manne azisome kwanza na kuandika maswali yake, kisha mhandisi asome ombi pamoja na maswali hayo na kuidhinisha. Wiki hiyo foleni yake haitapungua kwa njia hii, pengine itachelewa kidogo. Lakini siku atakapochukua likizo, kutakuwa na jina la pili la kuandika kwenye mstari wa `/malipo/`.