Kikomo cha thamani kigawanywe kwa hisa zipi?

Mwekezaji malaika, yule anayeweka fedha zake binafsi mapema, na waanzilishi wa kampuni changa wanapojadili mkopo wa kugeuzwa hisa, huvutana zaidi kwenye tarakimu mbili: kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kupata bei ya kugeuzia, na punguzo kwenye bei watakayolipa wawekezaji wa baadaye. Kwa maoni yangu, uzito mkubwa uko kwenye sentensi ambayo wengi huipita haraka, ile inayotaja ni hisa zipi zitahesabiwa wakati wa kugeuza.

Tuchukue mkopo wa dola 100,000, wenye riba ya kawaida ya asilimia 8 kwa mwaka, kikomo cha dola milioni 4 na punguzo la asilimia 20. Baada ya miezi 18 wanakuja wawekezaji wapya wanaoithamini kampuni kwa dola milioni 8 kabla fedha zao hazijaingia. Deni limefika dola 112,000. Hisa zilizopo ni milioni 8, zote za waanzilishi. Hisa zitakazotokana na mkopo wenyewe naziweka kando ili hesabu iwe nyepesi.

Wapya watanunua hisa kwa dola 1. Punguzo linampa mwenye mkopo, yaani mwekezaji aliyeutoa, bei ya senti 80. Kikomo, yaani dola milioni 4 kwa hisa milioni 8, kinampa senti 50. Kwa kawaida anachukua bei iliyo chini kati ya hizo mbili, bila kuzijumlisha, na hapa anapata hisa 224,000. Punguzo lingemfaa tu kama kampuni ingethaminiwa chini ya dola milioni 5. Thamani ikivuka hapo, kikomo ndicho kinachoamua, na waanzilishi waliohangaika kulishusha punguzo mpaka asilimia 15 hawajaokoa hata hisa moja.

Mambo hubadilika wawekezaji wapya wanapotaka, kama wafanyavyo mara nyingi, itengwe kwanza akiba ya hisa za wafanyakazi. Tuseme ni hisa milioni 2. Sasa thamani ileile ya dola milioni 8 inagawanywa kwa hisa milioni 10, na bei yao inashuka hadi senti 80. Je, kikomo nacho kigawanywe kwa milioni 10, au kibaki kwenye milioni 8? Akiba ikihesabiwa, mwenye mkopo anageuza kwa senti 40 na kupata hisa 280,000. Isipohesabiwa, anabaki na 224,000. Tofauti ni hisa 56,000, ambazo kwa bei ya raundi hiyo ya uwekezaji ni dola 44,800. Kwa mtu aliyetoa 100,000, hizo si fedha kidogo.

Waanzilishi wana hoja. Akiba hiyo imedaiwa na watu wengine, muda mrefu baada ya mkopo kutolewa, na wafanyakazi watakaoajiriwa kwa hisa hizo watamnufaisha mwenye mkopo pia. Kwa nini asibebe sehemu yake? Y Combinator nao, kampuni ya Marekani inayolea kampuni changa, walipoubadilisha mwaka 2018 mkataba wao wa SAFE, ambao mwekezaji hutoa fedha sasa na kupewa hisa baadaye, waliliacha nje ongezeko la akiba linaloletwa na raundi mpya. Lakini mkataba huohuo unazihesabu hisa zote zitakazotokana na SAFE na mikopo mingine ya kugeuzwa, jambo linalomlinda mwekezaji kwa upande wa pili.

Pasipo fidia ya namna hiyo, naona mwekezaji ana haki zaidi. Bei ya wapya imekwisha kushushwa na akiba. Yeye akilipa senti 50 kwa kila hisa katika kampuni yenye hisa milioni 10, amenunua kana kwamba kikomo kilikuwa dola milioni 5. Walikubaliana milioni 4.

Kwenye jambo jingine, hata hivyo, nasimama na waanzilishi. Hisa 280,000 zikiwa za upendeleo za aina ileile wanayopewa wapya, kila moja ina haki ya kurudishiwa senti 80 kwanza kampuni ikiuzwa. Jumla ni dola 224,000, mara mbili ya deni lililogeuzwa. Kampuni ikiuzwa kwa bei ya chini, dola 112,000 ambazo hakuna aliyewahi kuziweka zinatangulia mbele ya hisa za waanzilishi na wafanyakazi. Dawa yake inajulikana: mwenye mkopo apewe daraja dogo la hisa hizohizo, lenye haki zote za wapya isipokuwa kwamba kiasi cha kurudishiwa ni senti 40 kwa hisa, sawa na bei aliyogeuzia. Idadi ya hisa zake haipungui, na kampuni ikiuzwa kwa bei kubwa anapata mgawo uleule kwa kuzibadili kuwa hisa za kawaida. Wawekezaji wapya nao kwa kawaida hulikubali sharti hilo bila ubishi, maana wasingependa kugawana foleni ya malipo na mtu anayedai mara mbili ya alichotoa. Liandikwe kwenye hati ya mkopo tangu mwanzo, kwa sababu siku ya raundi mwenye mkopo tayari anazo dola 112,000 za kuzitetea.