Paka wa Jumapili jioni

Jumapili saa kumi na mbili jioni, nguo za kazi hazijapigwa pasi, na kundi la ukoo linaanza: picha ya yule paka aliyelowa maji, chini kaandikiwa "Mimi nikikumbuka kesho Jumatatu." Dakika tano baadaye shangazi anairusha ileile, na yeye kastaafu! Jamani, mimi nilikuwa nimeshasahau. Nakula wali wangu kwa amani.

Halafu Jumatatu tunaisingizia bure. Kwa hesabu yetu Waswahili hiyo ni siku ya tatu, wiki ilishaanza Jumamosi. Binamu yangu yuko Maskati, ambako tangu 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Yeye paka wake humtuma Jumamosi usiku, na Jumatatu yuko mzima kabisa. Kumbe kinachouma ni ile jioni ya mwisho, popote itakapoangukia. Na usingizi pia: siku mbili unalala saa nane usiku, unaamka saa nne asubuhi, kisha leo unauamrisha mwili ulale saa nne usiku. Haukubali. Unabaki macho makavu, simu mkononi, na paka mwingine huyo anaingia.