Fomu inayotuliza na fomu inayoeleza

"Mwalimu, fomu yetu ya ridhaa ya utafiti imerudishwa na kamati ya maadili mara ya pili. Wanasema lugha ni ngumu, madhara tumeyapunguzia uzito, na sehemu ya hiari haieleweki. Lakini tukiandika kila kitu, nani huku Lindi atakubali kutolewa damu usiku? Hebu isome utuambie."

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kimya kimya, kama nilivyozoea nilipokuwa mjumbe asiye mwanasayansi kwenye kamati ya maadili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya shemeji yangu, mkulima wa korosho aliyeishia darasa la saba. Ile ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Utafiti wenyewe hauna ubaya. Watu wenye matende miguuni watagawanywa makundi mawili. Kundi moja litameza doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki sita, na jingine litameza kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Makundi yote mawili yatafundishwa kuosha mguu kwa sabuni, kuukausha vizuri na kuuinua wakati wa kupumzika. Minyoo ya matende hubeba bakteria ndani ya mwili wake. Bakteria wakifa, mnyoo hushindwa kuzaa na hatimaye hufa polepole. Ninyi mnataka kujua kama dawa hiyo inapunguza pia uvimbe. Ni swali la haki kuulizwa Lindi, ambako matende na mabusha si habari ya kusimuliwa.

Tuanze na damu. Mmeandika: "Sampuli ya damu ya vena mililita 10 itachukuliwa wakati wa usiku kwa ajili ya uchunguzi wa mikrofilaria." Shemeji alinisimamisha hapo hapo. Hakuuliza mikrofilaria ni nini. Aliuliza, "Usiku saa ngapi, na kwa nini usiku?" Mnajua mnapoishi. Hofu ya mumiani haijafa pwani hii, na gari geni linalosimama mlangoni saa tano usiku likifuata damu haliwezi kusafishwa na neno "uchunguzi". Upande wenu mnasema ukilitaja hilo unaliamsha. Mimi naona limeamka tayari, maana mmeshasema "usiku". Mlichokificha ni sababu, na sababu ndiyo ingemtuliza mtu. Vijidudu vichanga vya matende hujificha ndani ya mwili mchana na hutoka kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, zaidi kati ya saa nne na saa nane. Ndiyo maana mbu wanaouma usiku huvibeba. Ukipima mchana unaweza kumwambia mtu hana kitu, kumbe anacho.

Ningeandika hivi: "Tutakuja nyumbani kwako usiku mmoja tu, kati ya saa nne na saa nane, siku utakayochagua wewe. Tutachukua damu mkononi, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Tunakuja usiku kwa sababu wadudu wa matende hawaonekani kwenye damu mchana." Maneno yameongezeka, lakini hakuna hata moja linalohitaji kamusi. Watu wengi wanadhani lugha nyepesi ni lugha fupi. Sentensi yenu ilikuwa fupi, na haikueleweka.

Hapo hapo nina jambo ambalo si la lugha. Wagonjwa wengi ambao miguu yao imevimba miaka mingi hawana tena vijidudu kwenye damu. Kilichobaki ni uharibifu wa mirija ya limfu, ile inayoondoa majimaji mguuni. Kuna kipimo cha tone la damu la kidoleni kinachoonyesha dalili za mnyoo saa yoyote. Kwa nini msianze nacho mchana, kisha usiku mkawafuata wale tu waliokutwa nazo? Fomu ikishindikana kuandikwa bila kutisha, mara nyingine kosa liko kwenye mpango wenyewe.

Sasa madhara. Mmeandika: "Hakuna madhara makubwa yanayotarajiwa. Baadhi ya washiriki wanaweza kupata madhara madogo madogo kama kichefuchefu." Kila neno linaweza kutetewa. Doksisaiklini ni dawa ya zamani, inauzwa kwenye maduka ya dawa, na wengi humaliza dozi salama. Pia mna hoja ya kweli kwamba mtu akisomewa orodha ya maradhi ishirini, baadhi yake ataanza kuyasikia mwilini hata akimeza kidonge kisicho na dawa. Jambo hilo linajulikana, nami silidharau. Nimesoma fomu za kurasa kumi na nane zilizoandikwa ili kumlinda mfadhili asishtakiwe, ambamo kizunguzungu na kifo vimekaa mstari mmoja kama vitunguu na nyanya kwenye fungu. Fomu ya namna hiyo nayo inaficha, ila inaficha kwa kumwaga.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Je, mtu akilijua hili, anaweza kuamua tofauti au kuishi tofauti katika hizo wiki sita? Kama ndiyo, lisemwe mapema na kwa uwazi. Kwenye doksisaiklini yapo matatu ya namna hiyo, na hakuna hata moja lililoelezwa kama dhara kwenye fomu yenu.

La kwanza ni jua. Dawa hii huifanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida. Kwa mtu wa ofisini mjini ni jambo la pembeni. Kwa mtu wa Mtama au Ruangwa anayeokota korosho tangu asubuhi, wiki sita za kuogopa jua ni nusu ya msimu. Neno "madogo madogo" liliandikwa na mtu anayekaa kivulini.

La pili ni ujauzito. Dawa inaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Mpango wenu unasema wajawazito na wanaonyonyesha hawatashirikishwa, na kwamba wanawake watapimwa mkojo. Fomu imelitaja hilo kwenye sehemu ya nani anafaa, kana kwamba ni sharti la karani. Mwanamke hakuambiwa sababu, wala hakuambiwa afanye nini akijihisi mjamzito wiki ya tatu. Asiyejua sababu anaweza kunyamaza ili asipoteze nafasi.

La tatu ni dogo lakini linauma kweli. Kidonge kikimezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, kinaweza kukwama na kuchoma koo. Kinamezwa mtu akiwa ameketi, kwa kikombe kizima cha maji, na asilale papo hapo. Huku watu wengi humeza dawa wakiwa wanaelekea kitandani.

Hayo matatu yaandikwe kwa sentensi kamili, kila moja na la kufanya. Yale mengine, kichefuchefu na kuharisha, yataje kwa mstari mmoja na mwende. Halafu semeni wazi kuhusu kidonge kisicho na dawa. Ninyi mmeandika "utapangwa kwa nasibu kwenye kundi la tiba au plasebo", na juu yake kichwa cha habari kinasema "Matibabu ya bure ya matende". Shemeji alipomaliza kusikiliza alisema, "Kwa hiyo wote tunatibiwa." Nisingemlaumu. Mwambieni kwamba kundi litachaguliwa kwa bahati, kama kurusha shilingi. Kwamba yeye hatajua yuko kundi gani, na hata anayempa kidonge hatajua. Na kwamba bado haijulikani kama dawa hii inapunguza uvimbe, ndiyo maana mnafanya utafiti. Kichwa kile kiondoke.

Nimeiweka hiari mwisho kwa sababu ndiyo iliyonisumbua zaidi, na ndiyo mliyoifanyia kazi kidogo zaidi. Mna aya nzuri isemayo "ushiriki ni wa hiari na unaweza kujitoa wakati wowote". Kila fomu inayo. Tatizo ni kwamba sentensi nyingine zinaikana. Ukurasa wa kwanza: "Umechaguliwa kushiriki." Huku kwetu anayechaguliwa huenda. Andikeni "Tunakuomba." Ukurasa wa tatu: "Unatakiwa kuhudhuria mahudhurio yote sita." Na mahali pa sahihi mmeandika "natoa idhini". Mwalimu wa Kiswahili haachi hili lipite: idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kama mtendaji wa kijiji anapowaruhusu kuingia. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe. Kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na barua ya mtendaji ni idhini. Vyote viwili mnavihitaji, wala hakuna hata kimoja kinachoridhia kwa niaba ya mgonjwa.

Kisha pesa. Fomu inasema Sh 60,000 zitalipwa mtu akikamilisha mahudhurio sita. Hoja yenu naielewa: watu wakiacha katikati, jibu la utafiti linaharibika, na wote waliokwisha kujitolea wanakuwa wamepoteza muda wao. Lakini hesabuni. Mama aliyeungua na jua anaamua kuacha baada ya hudhurio la nne. Ametumia siku nne na nauli mara nne, na anaondoka na sifuri. Ile aya nzuri inamwambia yuko huru, na shilingi inamwambia avumilie mawili yaliyobaki. Lipeni Sh 10,000 siku ile ile ya hudhurio, na mliite fidia ya nauli na muda. Hapo mtakaowapoteza ni wale waliokuwa wamebaki kwa kulazimika, na kidonge cha mtu wa namna hiyo mara nyingi huishia mfukoni, kwa hiyo takwimu zenu hazikuwa salama hata hivyo.

Anayeomba ridhaa naye ni sehemu ya fomu, ingawa haandikwi. Mmempanga tabibu wa zahanati. Anafahamika na anaaminika, na lugha ya nyumbani anaijua; kwa bibi anayesikia Kimwera kuliko Kiswahili, hiyo ni faida kubwa. Lakini ni yeye atakayemtibu mjukuu wake kesho. Azimio la Helsinki, lililopitishwa kwanza mwaka 1964, linataka mtu anayemtegemea daktari aombwe ridhaa na mwingine asiyehusika na uhusiano huo. Mwacheni tabibu aeleze ugonjwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha ridhaa iombwe na mtu mwingine, faraghani, naye amwache mgonjwa alale nalo usiku mmoja. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, asiwe mtu wa mradi. Na msimuulize "Umeelewa?" Hakuna mtu mwenye adabu atakayemjibu mgeni "Hapana." Mwambieni asimulie: atakuja nani, saa ngapi, kidonge kinaweza kuwa nini, na akitaka kuacha afanye nini.

Nilimsomea shemeji tena, safari hii kwa maneno niliyoandika upya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu jua mara mbili. Kisha akasema angekubali, hata damu ya usiku, lakini si Oktoba. Alitaka kujua kama mnaweza kuanza baada ya korosho kuingia ghalani. Nilimwambia nitawauliza.