Faili moja halitoshi kadi na bango

"Kaka, faili ni hilohilo, we livute tu."

Aliyeniambia hivyo ni mwongoza watalii mmoja hapa Moshi. Alitaka kadi 200 na bango la mita 3 kwa 1, vyote viwe tayari kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Kazi yenyewe alinitumia kama picha ya WhatsApp, pikseli 1024 kwa 626. Nilimwambia halivutiki, akadhani natafuta hela ya kudizaini upya. Basi nikapiga hesabu mbele yake.

Kadi ina upana wa milimita 90. Ukizigawa zile pikseli 1024 kwenye upana huo, unapata kama 289 kwa inchi. Tunataka 300, kwa hiyo hapo hana deni kubwa. Lakini zitandaze kwenye mita 3: kila pikseli inakuwa kijimraba cha karibu milimita 3. Mlima Kilimanjaro wake ungeonekana umejengwa kwa tofali. Na kuingia Photoshop, kuandika 300 kwenye Resolution huku Resample imewekewa tiki, hakuleti kitu kipya. Kompyuta inabuni pikseli za kujazia nafasi, basi.

Hapohapo niseme jambo linaloniudhi kwa wenzangu. Kuna wanaodai 300 kwa kila kitu, hata bango la barabarani. Bango hilo la mita 3 kwa 300 ni pikseli milioni 418 hivi, na kabla ya kubanwa, faili la CMYK, yaani la wino nne za kuchapia, linakaribia gigabaiti 1.7. Kwa 100 linashuka hadi megabaiti 186, na mtu anayepita ng'ambo ya barabara haoni tofauti yoyote. Hiyo 300 ni ya kitu kinachoshikwa mkononi.

Turudi kwenye kadi, maana pikseli zilitosha ila faili bado lilikuwa bovu. Rangi yake ya kijani iliishia hasa pale kadi inapoishia. Kadi hazikatwi mojamoja, zinapangwa rundo, kisu kinashuka mara moja. Karatasi ya chini ikiteleza nusu milimita tu, kadi yake inatoka na uzi mweupe ukingoni. Ndiyo maana tunaweka blidi: rangi ya nyuma inapitilizwa milimita 3 kila upande, faili linakuwa 96 kwa 61 badala ya 90 kwa 55, na kisu kinakata ndani ya rangi.

Jamaa akasema, "Si ulikuze kidogo lifike?" Tatizo ni kwamba ukikuza unakuza vyote. Namba yake ya simu ilikuwa milimita 2 kutoka ukingoni. Ningekuza, ingesogea kwenye njia ya kisu. Kinachorefushwa ni rangi ya nyuma peke yake, na maandishi yanarudi ndani, angalau milimita 3 kutoka mstari wa kukatia. Wanaotumia Canva wawashe Show print bleed kabla ya kuanza kupanga, halafu wakipakua PDF Print waweke tiki kwenye Crop marks and bleed. Wengi wanakumbuka hiyo tiki ya mwisho tu, na pale nje hamna rangi ya kukata.

Kijani chenyewe kilituletea maneno. Kwenye simu kilikuwa kinawaka, kwa sababu kioo cha simu kinatoa mwanga. Karatasi haina mwanga wake; sayani na njano zikichanganyika zinatoa kijani kilichotulia zaidi, na hakuna mashine ya wino nne itakayokiwasha. Nikageuza faili kuwa CMYK, nikamchapia vipande vitatu vya kijani tofauti, akachagua chenye giza kidogo. Afadhali alikikubali mezani kuliko kukishangaa kwenye kadi 200.

Kugeuza nako kuna mtego, na uko kwenye maandishi meusi. Nyeusi ya RGB, yaani ya rangi za kwenye kioo, ikigeuzwa inagawanywa kwenye wino zote nne. Herufi ndogo zikichapwa mara nne, wino mmoja ukikosea mahali pake kwa unywele, zinaota ukungu wa rangi pembeni. Kwa hiyo maandishi nayarudisha mwenyewe kuwa K 100, yaani wino mweusi peke yake, nyingine sifuri.

Bango nililichora upya kwa umbo lake, nembo nikaiomba kwa aliyeitengeneza ikaja PDF ya vekta, ambayo haina pikseli za kuvutika. Kilichobaki ni pembe. Bango langu la kwanza kabisa, miaka hiyo, pete ya kufungia kamba ilipigwa katikati ya tarakimu ya mwisho ya simu ya mteja. Siku hizi naanza na duara nne kwenye pembe na pindo la sentimita 5 pande zote, ndipo naandika herufi ya kwanza.