Chumvi iliiangusha Sumeri, au iliidhoofisha tu?

Swali: Eleza jinsi ukataji wa misitu, umwagiliaji na kuchoka kwa udongo kulivyochangia kuanguka kwa jamii za kale.

Watahiniwa wengi hugawa jibu katika aya tatu zinazolingana na kutaja ustaarabu sita bila kueleza hata mmoja. Ni heri kuchukua Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo, na kuonyesha hatua kwa hatua jinsi shamba lilivyoharibika. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba sababu hizi tatu hazina uzito sawa.

Anza na umwagiliaji. Maji ya Frati na Tigri yana chumvi kidogo iliyoyeyuka. Yakimwagwa shambani kwenye jua kali, maji hupotea hewani na chumvi hubaki. Kama ardhi ingekuwa na mteremko, maji ya ziada yangeondoka nayo. Lakini uwanda ule ni tambarare na udongo wake mzito hupitisha maji polepole. Kila msimu maji yaliyo chini ya ardhi hupanda. Yakifika mita moja au mbili hivi kutoka juu, udongo huyafyonza kuelekea usoni, nayo huacha utando mweupe. Mmea ulio kwenye udongo wa namna hiyo hushindwa kunywa hata kama shamba limelowa. Ngano huathirika mapema, shayiri huvumilia zaidi.

Wakulima walikuwa na dawa yake: kulima mwaka mmoja na kupumzisha shamba mwaka unaofuata. Katika mwaka wa mapumziko magugu ya jangwani yenye mizizi mirefu yalinyonya maji ya chini, udongo ukakauka, na maji ya msimu uliofuata yakapata nafasi ya kuisukuma chumvi chini. Hatari ilikuja pale watawala walipotaka nafaka zaidi. Mfereji mpya uliongeza maji, na shamba lisilopumzishwa halikupata muda wa kukauka. Kiongozi wa Lagashi, Entemena, katika ugomvi mrefu na mji jirani wa Uma, alichimba mfereji kutoka Tigri. Jacobsen na Adams, katika utafiti wao wa mwaka 1958, waliuona kama chanzo cha maji kupita kiasi katika eneo la Girsu, mji uliokuwa chini ya Lagashi.

Ushahidi wao mkuu ni nafaka zenyewe. Karibu mwaka 3500 KK ngano na shayiri zilikuwa karibu sawa. Kufikia 2100 KK ngano ilikuwa takriban asilimia 2 tu ya nafaka za Girsu, na kufikia 1700 KK ilikuwa imetoweka kusini. Mavuno nayo walikadiria yalishuka kutoka lita 2,537 kwa hekta karibu 2400 KK hadi 897 karibu 1700 KK.

Mtahiniwa mzuri hatakomea hapo. Mwaka 1985 Marvin Powell alipinga hesabu hizo: vipimo vya kale vina utata, na rekodi za makarani si lazima ziwe mavuno halisi. Isitoshe, shayiri ilikuwa chakula cha mifugo na malighafi ya bia, kwa hiyo kuipendelea hakuthibitishi peke yake kwamba ngano ilishindwa na chumvi.

Misitu ina hoja dhaifu zaidi hapa. Kusini hakukuwa na msitu mkubwa wa kukata. Gudea, mtawala wa Lagashi, aliagiza mierezi kutoka milima ya Amano. Tope lililojaza mifereji, na kuilazimu jamii kuizibua mara kwa mara, lingeletwa na mito hiyo hata bila shoka la mtu. Anayetaka kuipa misitu uzito apeleke hoja Meroe, mji wa kale katika Sudani ya leo, ambako uyeyushaji wa chuma ulihitaji makaa mengi, ingawa huko pia kupotea kwa biashara kunashindana na maelezo hayo. Kuhusu kuchoka kwa udongo, kusini mwa Iraki tatizo lilikuwa hasa sumu ya chumvi, kwa kuwa tope la mito liliongeza rutuba.

Je, chumvi iliuangusha Uri, mji uliotawala Sumeri mwishoni? Mji huo ulitekwa na Waelami, jirani zao wa mashariki, karibu mwaka 2004 KK, baada ya Waamori, wafugaji kutoka magharibi, kuvamia, majimbo kujitenga na bei ya nafaka kupanda sana. Chumvi haikubomoa kuta. Inaweza kuwa ilipunguza ziada ya nafaka iliyolipa askari na wachimba mifereji, hivyo pigo moja likawa zito kuliko kawaida. Nguvu ya kisiasa kisha ilihamia kaskazini, Babeli ikastawi chini ya Hamurabi katika karne ya 18 KK, na watu waliendelea kulima kusini. Kwa hiyo neno "ilichangia" katika hitimisho linatetewa vizuri. "Ilisababisha" litakugharimu alama.