Penisilini: Ukuta Tusio Nao na Pete Isiyochagua

"Binadamu hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwezi kumdhuru."

Nusu ya kwanza haina ubishi. Bakteria amejaa chumvi na protini kuliko majimaji yaliyomzunguka, hivyo maji humwingia bila kukoma. Asipasuke, amejifunga kwa ukuta wa peptidoglaikani, ambao umesukwa kama jarife: nyuzi za sukari zinazoshikanishwa kwa vipande vifupi vya protini. Kimeng'enya kinachofunga mafundo ya jarife hilo hutafuta mkia wa kipande cha protini wenye alanini, aina ya asidi amino, mbili za umbo D. Penisilini ina sura ya mkia huo. Kimeng'enya kikiidaka, pete yake ya pembe nne, yaani beta-laktamu, hufunguka na kukinasa. Huku fundi amekwama, vimeng'enya vingine vya bakteria yuleyule vinaendelea kukata nyuzi kuukuu ili apate nafasi ya kukua. Jarife linatoboka, na hakuna anayeshona.

Mwaka 1956 mwanabiolojia Mmarekani Joshua Lederberg aliweka bakteria wa E. koli kwenye penisilini pamoja na sukari nyingi. Hawakupasuka, waligeuka vitufe laini, wakabaki hai. Alipowatia kwenye maji matupu walipasuka. Kumbe anayeua mwishoni ni maji. Dawa huondoa kizuizi tu.

Sisi hatuna jarife wala fundi wake. Ndiyo maana mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo huweza kuchomwa benzilipenisilini gramu 2.4 kila baada ya saa 4, ilhali jentamaisini, antibiotiki nyingine, hupimwa kwa miligramu na bado figo na masikio huchungwa.

Ila nusu ya pili ya kauli inaniwia vigumu kuikubali. Pete ile imepindwa kwa nguvu, kama upinde uliovutwa, na haifungukii kwa bakteria peke yake. Hufunguka pia ikikutana na lisini, asidi amino iliyomo katika protini za damu yetu, kisha hung'ang'ania hapo. Kinga ya mwili ikiiona protini hiyo yenye kiraka huweza kuidhania ngeni, na safari nyingine mgonjwa akavimba koo, presha ikashuka ghafla. Mzio huo unatokana na ukali uleule unaomnasa kimeng'enya, kwa hiyo huwezi kuung'oa ukaacha dawa. Tena kipimo kikubwa kwa mtu mwenye figo dhaifu huweza kuleta degedege, kwa kuzuia vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza neva, kwenye ubongo. Hapo ukuta hauhusiki kabisa. Kinachochagua ni shabaha. Dawa yenyewe haichagui.

Na kutokuwa na ukuta hakutulindi sisi tu. Mikoplasma, bakteria anayeleta nimonia, naye hana. Mgonjwa wake atameza amoksilini siku tano na kikohozi kiko palepale, mpaka abadilishiwe azithromaisini au doksisaiklini, zinazoshambulia ribosomu, yaani viwanda vya protini vya bakteria.