Shiti imejaa, tunahamia Jira: historia tuibebe au tuiache?

"Wakuu, ofisi yetu imetumia Google Sheets miaka mitatu kufuatilia kazi za wateja, sasa tunahamia Jira. Tubebe mistari yote na historia yake, au tuingize kazi zilizo wazi tu tuanze upya?"

Mi nasema bebeni mistari yote, ila historia msiilazimishe ionekane kama ilitokea ndani ya Jira. Na wanaosema anzeni upya sio wavivu kama wanavyosemwa, wana hoja, maana tulivyohama sisi nilikuwa upande wao na nilibishana kweli.

Ofisi yetu iko Kijitonyama, tunafunga mifumo ya mauzo madukani, wateja wengi wako Kariakoo. Shiti ilikuwa na mistari mia sita na kitu, zilizo wazi hazikufika mia mbili. Hoja yangu ilikuwa hivi: zile mia nne zilizofungwa ni chafu, kuzisafisha ni wiki nzima ya mtu, na ukishaziingiza zinakuharibia ripoti. Hii ya ripoti ni kweli mpaka leo. Jira inaandika yenyewe kila tiketi inapohama kutoka hatua moja kwenda nyingine, na ripoti za kupima kazi ilikaa siku ngapi kwenye hatua gani zinasoma rekodi hiyo. Tiketi iliyoingia kwa CSV ikiwa tayari `Done` haina safari yoyote, imezaliwa imekufa, kwahiyo ukichora grafu ya mwaka mzima unapata picha ya kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Kilichonigeuza ni dada wa uhasibu. Aliniuliza swali moja tu, mteja akija kudai kwamba printa ya risiti ilianza kusumbua kabla garantii haijaisha, nitaangalia wapi? Na jibu lilikuwa kwenye mstari uliofungwa, ndani ya seli moja ya kolamu ya Maoni iliyoandikwa hivi: "12/3 nimempigia hajapokea, 15/3 nimeenda printa inakata karatasi, 20/3 nimebadili kebo iko poa". Ndo historia yenyewe hiyo. Watu wanadhani historia ya shiti ni ile ya kubonyeza kulia uone nani alibadili seli, kumbe ile haitoki kwenye CSV kabisa, na Google wenyewe wanasema matoleo ya zamani ya faili wanaweza kuyaunganisha kuokoa nafasi. Historia yenye thamani ni ile watu waliyoiandika kwa mikono kwenye Maoni, na hiyo inabebeka.

Sasa kabla ya Maoni kuna kolamu ya Hali, na hapa ndo kazi kubwa ilipo. Usianze kwa kuchora hatua mpya ubaoni, anza kwa kuhesabu kilichoandikwa. Kama Hali iko kolamu F:

```
=QUERY(F2:F,"select F, count(F) where F is not null group by F order by count(F) desc")
```

Sisi tulidhani tuna hali tano, zikatoka ishirini na kitu. "Imeisha", "imeisha", "Imeisha " yenye nafasi nyuma, "Tayari", "Done", "Done?", "Kesho" (aisee, kesho ya lini?), "Inasubiri mteja", "Imeisha hajalipa", "Mteja hapokei". Herufi kubwa na ndogo ni rahisi, hiyo unaimaliza kwa `TRIM` na `LOWER`. Ugumu ni kwamba kolamu moja ilikuwa inajibu maswali matatu tofauti: kazi iko hatua gani, imekwama kwa nani, na hela imeingia au bado. "Imeisha hajalipa" ukiimapu kuwa `Done` fundi anafurahi, ila uhasibu wamepoteza orodha yao ya madeni. Ukiiweka `In Progress` uhasibu wako sawa ila fundi anaonekana ana kazi thelathini wakati alizimaliza zamani.

Tulichofanya ni kuipasua. Tuliweka ukurasa wa pili kwenye shiti, tukauita Ramani, kushoto neno la zamani, kulia vitu vitatu: hatua, kilichokwamisha, malipo. Hatua ni nne tu, kilichokwamisha ni uwanja wa kuchagua, malipo ni uwanja mwingine. Kisha kila mstari unavuta kutoka huko:

```
=VLOOKUP(TRIM(LOWER(F2)),Ramani!A:D,2,FALSE)
```

Ukibadili 2 kuwa 3 au 4 unapata zile nyingine. Uzuri wake ni kwamba neno lisilokuwepo kwenye Ramani linakurudishia `#N/A`, halijifichi. "Kesho" na "Done?" hatukuzikisia, mafundi waliitwa wakaulizwa mmoja mmoja, ilichukua mchana mmoja na soda kadhaa.

Kuna mtego mmoja hapo Jira ambao umewaumbua wengi. `Done` ni hatua, lakini Jira inaihesabu tiketi kuwa imetatuliwa pale uwanja wa `Resolution` unapokuwa na kitu. Ukiingiza mia nne zote `Done` bila `Resolution`, mtu akitafuta `resolution = Unresolved` anakutana nazo zote, bosi anapiga simu kuuliza mbona kazi hazijaisha. Kwahiyo mistari iliyofungwa lazima iwe na kolamu ya `Resolution` iliyojazwa kabla haijaingia.

Tarehe nazo. Fungua kolamu ya tarehe uiangalie bila kugusa kitu: kama baadhi zimeegemea kushoto na baadhi kulia, una shida. Shiti ikiwa kwenye mpangilio wa Marekani, mtu wetu akiandika 14/08/2023 inashindwa kuelewa mwezi wa 14, inaiacha kama maandishi, inakaa kushoto. Akiandika 03/04/2023 akimaanisha tarehe 3 mwezi wa nne, inakubali vizuri kabisa kama Machi 4 na kukaa kulia. Yani zile zinazoonekana nzima ndo mbovu. Na ukienda kubadili mpangilio wa nchi leo haisaidii, maana thamani ilishaingia ikiwa imegeuka. Kama una uhakika wote walikuwa wanaanza na siku, na wanaandika tarakimu zote mbili mbili, hii inazirudisha:

```
=IF(ISNUMBER(E2),DATE(YEAR(E2),DAY(E2),MONTH(E2)),DATE(RIGHT(E2,4),MID(E2,4,2),LEFT(E2,2)))
```

Kuna jingine la tarehe ukiwa tayari upande wa Jira. Inakuuliza muundo wa tarehe, na M kubwa ni mwezi, m ndogo ni dakika. Mwenzangu aliandika `dd/mm/yyyy`, haikugoma, ikaingiza kila kitu. Tiketi zote zikawa za Januari, saa sita usiku na dakika kadhaa, ya Agosti imekuwa Januari 00:08, ya Machi Januari 00:03. Ukiona kazi zako zote zimezaliwa Januari usiku wa manane, rudi hapo. Inatakiwa `dd/MM/yyyy`.

Turudi kwenye Maoni sasa. Jira inakubali kolamu kadhaa zenye jina lilelile `Comment`, na kila seli ikiwa na tarehe, mwandishi na maneno vikitenganishwa kwa nukta mkato, komenti inaingia na tarehe yake ya zamani:

```
Summary,Status,Resolution,Comment,Comment
"Printa inakata karatasi",Done,Done,"12/03/2024 09:00;ID_YA_FUNDI;Nimempigia hajapokea","15/03/2024 09:00;ID_YA_FUNDI;Nimeenda"
```

Muundo wa tarehe hapo ufanane na ule ulioutaja, na kwakuwa hapa kuna saa, iwe `dd/MM/yyyy HH:mm`. Inavutia sana, na hapa ndo naachana na wale wa bebeni kila kitu. "12/3" haina mwaka. Saa tatu kamili tumeitunga. Na kazi yenye majina mawili kwenye kolamu ya Mhusika hujui nani kati yao alipiga simu. Ukishaipasua ikakaa kwenye komenti yenye picha ya fundi na saa kamili, inaonekana ushahidi, wakati nusu yake ni makisio yako ya usiku mmoja kabla ya kuhama. Siku ya mgogoro mteja akiuliza "mlijuaje ilikuwa saa tatu asubuhi" utajibu nini?

Kwahiyo zilizo wazi, hizo mia mbili kasoro, tulizipasua kwa mkono, mhusika mwenyewe akiwa amekaa pembeni, kwasababu anakumbuka na kazi bado inaendelea. Zilizofungwa tuliingiza seli nzima ya Maoni kama ilivyo, komenti moja, juu yake tumeandika "Imenakiliwa kutoka shiti ya zamani". Ni mbaya kwa macho lakini haidanganyi, na ukitafuta neno kebo inapatikana. Zote, wazi na zilizofungwa, zina lebo moja ya uhamisho, ili mwenye kutaka ripoti ya kasi azitoe nje aanze kuhesabu kuanzia siku ya kuhama. Hapo wale wa anzeni upya wamepata wanachotaka na dada wa uhasibu naye kapata chake.

Rangi nazo mzikumbuke mapema, CSV haibebi rangi. Kwetu njano ilikuwa "mteja kasema subiri" kwa mafundi na "ankara imetumwa" kwa uhasibu, kwenye shiti hiyohiyo, na hakuna aliyejua mpaka tulipoanza kuuliza. `getBackgrounds()` kwenye Apps Script inakutolea rangi kama maandishi, ila maana yake hakuna skripti itakayokwambia.

Na namba. Kama shiti haina kolamu ya namba isiyobadilika, iweke leo, kwasababu namba ya mstari inahama kila mtu akipanga upya. Iingize Jira kama uwanja wake, maana watu wataendelea kusema "ile 214" kwa miezi. Majaribio fanyeni kwenye projekti ya majaribio, sio ile ya kweli, Jira hairudii namba ya tiketi iliyofutwa, sisi tulijaribu mlemle tukafuta, tiketi yetu ya kwanza halali ikaanzia mia sita na arobaini. Na kwa jaribio msichukue mistari ishirini ya juu, chukueni ishirini mibaya kuliko yote, yenye majina mawili, yenye Maoni marefu, yenye "Kesho".

Shiti yenyewe tuliifunga Ijumaa jioni, kila mtu anaona, hakuna anayeandika. Jumatatu nikakuta fundi mmoja kashatengeneza nakala yake na kaongeza mistari minne.